Barua ya unga niliyoiandika mara tatu

Rasimu ya kwanza ya barua kwa wauza unga wangu wa Dar niliiandika nimesimama, simu mkono mmoja, mkono mwingine umeshika mkate uliobonyea kama kandambili. Ilikuwa Jumamosi saa tano asubuhi hapa Morogoro, na vijana wangu wanaosambaza mikate kwa baiskeli walikuwa wamesharudisha kreti la nne. Niliandika hivi, na ninainakili kama ilivyo:

"Nyie watu mna roho gani? Nimekuwa mteja wenu miaka mitatu, nalipa taslimu, halafu mnaniletea takataka. Unga mmeuchakachua na mahindi, mkate hauumuki hata ukiombewa. Mifuko yenyewe haitimii kilo 50, mnaiba waziwazi. Mmenitia hasara ya zaidi ya milioni mbili na mmenivunjia jina mji mzima. Nataka pesa yangu yote leo hii, la sivyo nawapeleka TFDA na mitandaoni, kila mtu ajue nyie ni matapeli."

Haikutumwa kwa sababu moja tu: bando lilikuwa limeisha. Nikasema nitaituma nikifika nyumbani, na nyumbani nikamkuta shemeji yangu, kaka wa mume wangu, amekuja kutusalimia. Huyu shemeji amefanya kazi ya bohari zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu. Amepokea malalamiko ya kila namna, yakiwa yameandikwa na watu waliokasirika kuliko mimi. Nilimpa simu asome, nikitegemea atasema "safi sana, watume hao."

Akasoma, akavua miwani, akaniuliza: "Shemeji, mtu wa bohari kule Dar akiipata hii, afungue daftari lipi?"

Sikumwelewa. Akaniambia niseme ni sentensi ipi kati ya hizo ambayo mtu aliyekaa mezani, hanijui, hajauona mkate, anaweza kuihakiki kwa kufungua faili. Nikatafuta. Ilikuwa moja: kwamba mimi ni mteja wa miaka mitatu. Tarehe ya mzigo sikuiandika, wala namba ya ankara, wala idadi ya mifuko mibovu. Hata neno "unga wa mkate" halikuwamo. Mtu wa bohari angejua kwamba kuna mama Morogoro ana hasira, basi. "Na hasira," shemeji akasema, "haina rafu ya kuwekwa."

Halafu akacheka kidogo kuhusu TFDA. Mamlaka ile ya chakula na dawa ilibadilishwa kuwa TMDA mwaka 2019, ikabaki na dawa na vifaa tiba, mambo ya chakula yakahamia TBS, shirika la viwango. Nilikuwa namtisha mtu kwa askari ambaye hayupo kituoni. Mtu wa mauzo akiona hivyo anajua papo hapo kwamba hujui njia ya kwenda huko unakomtishia.

Nikakubali, shingo upande. Ila nilifanya kosa la pili, na nadhani wengi wetu tunalifanya kuliko lile la kwanza. Nilipoambiwa niandike kistaarabu, nikaandika hivi:

"Habari za kazi na poleni na majukumu. Samahani kwa usumbufu, nilikuwa naomba kuwataarifu kwamba kuna changamoto kidogo imejitokeza kwenye unga wa safari hii. Kama itawezekana tungeomba mtuangalizie namna ya kutusaidia. Natanguliza shukrani na samahani kwa usumbufu wowote."

Shemeji akasema hii ni mbaya zaidi. Ya kwanza angalau ingemfanya mtu apige simu ajibu matusi. Hii ya pili inajibiwa "asante kwa taarifa, tunalifanyia kazi", na kazi yenyewe ni kuisahau. Tazama nilivyomwomba radhi mara mbili mtu aliyeniharibia mikate. Tazama "changamoto kidogo". Kiswahili chetu kina adabu nyingi ya kuingilia nyumba ya mtu, tunapiga hodi mpaka tunasahau tulichofuata. "Tungeomba" na "kama itawezekana" ni milango miwili ambayo mwenyewe nimemfungulia atokee.

Kabla ya kuandika ya tatu, akanikataza kushika simu. "Kwanza kapime," akasema. Na hapo ndipo barua ilipoandikwa kweli, kwenye mizani na kwenye tanuri.

Jumapili asubuhi tuliingia stoo mimi na fundi wangu wa mikate. Mzigo ulikuja Jumanne tarehe 9, mifuko 40. Unga wa zamani ulitufikisha Ijumaa jioni, na usiku wa kuamkia Jumamosi tukafungua mifuko mitatu ya mzigo mpya. Fundi akaniambia kitu ambacho hakuwa amekisema usiku ule kwa kuogopa: kwamba alipotia maji yale yale ya siku zote, lita 30 kwa mfuko, donge likawa linanata kwenye mikono na kwenye mashine ya kukandia, likamlazimu kuongeza unga mkavu. Alijua kuna kitu, akaendelea. Sikumgombeza, maana hata mimi ndiye niliyesaini karatasi ya mzigo penye maneno "imepokelewa ikiwa katika hali nzuri" bila kugeuza hata mfuko mmoja.

Tukaanza kusoma lebo zilizoshonwa kwenye midomo ya mifuko. Mifuko yote rangi moja, chapa moja. Ila namba ya toleo ilikuwa ya aina mbili: mifuko 26 toleo linaloishia 58, mifuko 14 toleo linaloishia 62. Ile mitatu iliyotuaibisha ilikuwa yote ya 62. Peke yangu nisingeangalia namba hizo hata siku moja. Kwa mtu wa kiwandani namba ya toleo ndiyo kila kitu, inamwambia unga ulisagwa lini na uliwekwa wapi.

Kisha mizani. Tulipima ile 11 ya toleo la 62 iliyobaki, mmoja mmoja. Yote ilitimia kilo 50, mingine ilizidi kidogo. Sentensi yangu ya "mnaiba waziwazi" ikafia pale pale juu ya mizani. Nilikuwa nimeuinua mfuko mmoja Jumamosi nikauona mwepesi, na mtu mwenye hasira kila kitu anakiona pungufu.

Baadaye tukaoka. Tulichukua kilo moja ya 58, na kilo moja ya 62 kutoka mabaki ya mfuko wa tatu. Hamira ya pakiti ile ile, maji ya ndoo moja, chumvi na sukari sawasawa, fundi yule yule, makopo mawili yanayolingana, tanuri moja, muda mmoja. Sababu ya kusumbuka hivyo ni kwamba nilijua jibu la kwanza la muuza unga yeyote duniani: hamira yenu imekufa. Kama hamira ingekuwa imekufa, mikate yote miwili ingelala. Wa 58 ulisimama sentimita 11. Wa 62 ulifika 7, ukapasuka ubavuni. Nikaiweka pamoja mezani, rula katikati, lebo ya kila toleo mbele ya mkate wake, nikapiga picha.

Shemeji akasema inatosha, lakini fundi akataka kuongeza la kwake, alilojifunza kwenye tanuri alikofanyia kazi Dar. Unachukua gramu 100 za unga, unakanda na maji kama mililita 60 mpaka donge dogo gumu, unaliacha kwenye bakuli la maji nusu saa, halafu unaliosha taratibu mkononi chini ya bomba. Wanga unatoka kama tui. Unaosha mpaka maji yatoke safi, na mkononi kinabaki kitu cha kijivu kinachovutika kama bigijii. Hiyo ndiyo gluteni, inayoshika hewa ya hamira mkate usimame. Unaikamua, unapima. Unga wa 58 ulitubakizia gramu 32. Wa 62 gramu 21, na yenyewe ilikatika-katika badala ya kuvutika. Unga wa namna hiyo si mbovu, ni mlaini tu. Ungefaa kwa maandazi au biskuti. Na kama walichanganya mahindi kama nilivyodai, hilo sikuwa na namna ya kulijua kwa bakuli la maji. "Uchakachuaji" nao ukafutwa.

Hasara ndiyo ilichukua muda mrefu, tukabishana. Nilikuwa nimeandika "zaidi ya milioni mbili". Shemeji akaniambia nionyeshe. Mifuko mitatu ilitoa mikate 450. Bei yangu ya jumla ni shilingi 1,200, kwa hiyo ningepata 540,000. Mikate 260 niliiuza nusu bei, 600, nikapata 156,000. Iliyobaki 190 haikupata mnunuzi, tukala, tukagawa, mingine ikaenda kwa mfuga nguruwe. Tofauti ni 384,000. Nikasema basi naongeza na bei ya ile mifuko mitatu, 85,000 kila mmoja. Akanizuia. Ukidai pesa kamili ya mkate, unga umeshalipwa ndani yake, kwa kuwa usingeweza kuuza mkate bila kununua unga. Ukidai vyote viwili, mhasibu wao ataona mara moja, na akiona umezidisha hapo, ataanza kuitilia shaka hata rula yako.

Nikauliza, na jina langu lililovunjika? Akasema hilo ni kweli, ila huna risiti yake. Liache.

Kulikuwa na jambo moja alilolitia mkazo ambalo mimi sikulijua kabisa. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mzigo uliouzwa kwa maelezo fulani unatakiwa ulingane na maelezo hayo, na mnunuzi ana haki ya kuukataa usipolingana. Lakini ukikaa nao muda mrefu kupita kiasi bila kumwambia muuzaji kwamba umeukataa, unahesabika umeukubali. Vivyo hivyo ukiendelea kuutumia kama wako. Na ukiukataa si lazima uubebe mwenyewe kuurudisha Dar, inatosha kumjulisha. Kwa hiyo barua ilitakiwa kuondoka Jumatatu asubuhi, iwe na neno "tunaikataa", na mifuko ile 11 isiguswe hata kwa kuchovya kikombe. Tuliisogeza ukutani, tukaifunika turubai, fundi akaandika kwa chaki ISITUMIKE.

Hii ndiyo barua iliyokwenda:

"YAH: KUKATAA MIFUKO 11 YA UNGA WA MKATE, ANKARA NA. 0417

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Jumanne tarehe 9 tulipokea mifuko 40 ya unga wa mkate, kilo 50 kila mmoja, kwa ankara tajwa, ambayo imelipwa yote. Mifuko 26 ni ya toleo linaloishia 58 na mifuko 14 ni ya toleo linaloishia 62. Mzigo ulisainiwa kuwa uko katika hali nzuri kwa kuangalia mifuko kwa nje.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 tulitumia mifuko mitatu ya toleo la 62. Donge lilinata na mikate 450 haikuumuka. Tarehe 14 tulioka matoleo yote mawili kwa hamira, maji na tanuri moja. Mkate wa 58 ulifika sentimita 11, wa 62 sentimita 7. Picha zimeambatishwa pamoja na lebo. Tumehifadhi kilo moja ya unga huo kama mtahitaji kuupima wenyewe. Unga wa toleo la 58 hauna tatizo.

Mifuko 11 ya toleo la 62 iliyobaki tunaikataa. Haijafunguliwa, imetengwa, na iko tayari kuchukuliwa.

Tunahitaji mambo mawili kabla ya Ijumaa tarehe 19 saa kumi jioni: mifuko 11 ya unga wa mkate badala ya hiyo, kwa usafiri wenu, na fidia ya shilingi 384,000 kwa mikate iliyoharibika, mchanganuo umeambatishwa. Muda huo ukipita bila jibu, tutanunua unga kwingine, tutadai kurudishiwa bei ya mifuko 11, na oda ya mwezi ujao tutaisitisha.

Tunapatikana kwa simu kila siku kuanzia saa mbili asubuhi."

Nikiisoma leo naona ilivyo kavu, na nilipoiandika nilijisikia kama nimemeza ndimu. Nilitaka angalau neno moja la kuwachoma. Tulivutana juu ya maneno matatu manne hivi. Mimi nilikuwa nimeandika "unga mliotuletea", shemeji akageuza ikawa "tulipokea". Kila "m-" ya "mliniletea, mlinidanganya, mliniharibia" ni kidole kinachomgusa mtu kifuani, na anayesoma si lazima awe ndiye aliyekosea. Anaweza kuwa binti wa mauzo aliyeajiriwa juzi. Lakini hakutaka pia ile lugha ya ofisini ya "imebainika kuwa kuna kasoro", kwa sababu hapo haijulikani nani alibaini, lini, kwa kutumia nini. Tulipooka, tuandike tulioka.

"Tunahitaji" ilitokana na mvutano pia. "Nataka" ni sauti ya mtu aliyeshika ukosi. "Tunaomba" ingepita kwa heshima, ila kinachoombwa kinaweza kunyimwa. Na ile sentensi inayosema toleo la 58 halina tatizo mimi niliiona kama zawadi wasiyostahili. Shemeji akasema hiyo ndiyo itakayowafanya waiamini ya 62. Vitisho navyo tulichuja kwa swali moja: kesho wasipojibu, hili nitalifanya kweli? Kununua kwingine nitafanya, lazima watu wapate mkate. Kwenda TBS kwa unga ambao si sumu, ni mlaini tu? Nisingekwenda. Kitisho hicho kikaondoka.

Tuliituma kwa barua pepe saa mbili na nusu Jumatatu, kisha nikampigia dada wa mauzo kumwambia barua ipo. Akaanza kama nilivyotarajia: "Mama, labda hamira?" Nikamwambia afungue picha ya pili. Kikawa kimya kirefu kidogo, halafu akasema ngoja niongee na bohari.

Saa tisa alasiri alinipigia mwanaume, mkuu wa bohari mwenyewe. Hakuuliza habari ya mkate hata kidogo. Aliuliza: "Hiyo 62 una mifuko mingapi imebaki?" Alishafungua daftari lake. Toleo lile lilisagwa kwa ajili ya wateja wa maandazi na chapati, likapangwa kwenye safu ya unga wa mkate kwa sababu mifuko inafanana, na mimi sikuwa mteja pekee aliyelipata. Nilikaa na simu sikioni nikifikiria neno "matapeli".

Alhamisi gari lilikuja na mifuko 11 ya toleo jingine, likachukua ile ya ukutani. Fidia hawakutoa 384,000. Walisema mkate uliharibika mikononi mwetu, fundi aliona donge linanata akaendelea, na kwa kweli hapo walikuwa na hoja. Walinipa punguzo la 255,000 kwenye ankara iliyofuata, yaani bei ya ile mifuko mitatu. Shemeji akasema ningeweza kuvutana zaidi. Nilipiga hesabu ya simu na ya siku, nikakubali kwa maandishi, nikaandika kwamba dai limefungwa.

Siku hizi gari la unga likifika, fundi anapanda juu na tochi kusoma midomo ya mifuko kabla haijashushwa, na dereva analalamika kwamba tunamchelewesha kurudi Chalinze kabla ya foleni. Namwambia anywe chai. Karatasi ya mzigo nikifika kusaini, nakata yale maneno ya "hali nzuri" kwa mstari mmoja, pembeni naandika idadi, namba ya toleo, na "ubora haujakaguliwa". Mara ya kwanza dereva alipiga simu Dar kuuliza kama inaruhusiwa. Wakamwambia mwache, huyo mama ndiye wa rula.